Daftari la Amana

Mama Shela alikuwa mtu wa kujisikia, tusifichane. Si kule kujisikia kubaya kwa kudharau watu. Ni kujisikia kwa mtu aliyeanza na magauni mawili yanayoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akaja kumiliki duka la kukodisha magauni ya harusi ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya kwanza, kwenye kona ambayo mtu akishuka ngazi za umeme hawezi kuikwepa hata akitaka. Alikuwa na vioo vitatu vya kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na taa za kumfanya hata bibi harusi aliyekesha akilia aonekane amelala vizuri. Na juu ya kioo cha katikati, kwenye fremu ya dhahabu bandia, kulikuwa na cheti chenye muhuri wa uongozi wa jengo: Duka Linalofanya Vizuri. Mteja akisimama kufungwa zipu, macho yake lazima yakisome. Mama Shela alikuwa amekipima kwa rula ili iwe hivyo.

Vioo na taa na yale makabati meupe yaliyochimbiwa ukutani, vyote vilinunuliwa kwa pesa za marehemu kaka yake. Kaka mtu alikuwa fundi umeme kiwandani. Alipofariki, kiwanda kikamlipa mjane mafao yake, na mjane, yaani wifi yake Mama Shela, akaja na bahasha mkononi kabla hata matanga hayajaanuliwa vizuri.

"Wifi, mimi biashara siijui," alisema. "Hela hizi nikikaa nazo zitaishia kwenye unga na sabuni. Zitie dukani. Watoto wa kaka yako wale, watatu, na unawajua wanavyokula."

"Wamemrithi mama yao," Mama Shela akajibu, wakacheka huku wanalia. Akaapa siku ile mbele ya picha ya kaka yake kwamba bahasha ile haitapotea mikononi mwake. Kiapo chenyewe ndicho hadithi yote hii. Kila alichofanya baadaye, kizuri na kile cha aibu, kilitoka hapo.

Wakafanya kazi pamoja, utani asubuhi hadi jioni kama mawifi walivyo. "Wewe mwenyewe uliolewa kwa gauni la kuazima, leo unawafundisha watu kushika shela," wifi angesema, pini tatu mdomoni. Na kazi wakagawana. Gauni likitoka, bibi harusi alilipa laki tatu za kukodi na laki mbili za amana. Mama Shela alisimama kwenye mashine ya risiti, akapiga laki tano, basi. Mashine ilinunuliwa mtumba kwa mwenye duka la rangi, na ilikuwa inajua jambo moja tu: mauzo. Gauni likirudi, lilikuwa la wifi. Analigeuza, ananusa makwapa, anahesabu shanga, anavuta zipu mara mbili, kisha anatoa laki mbili kwenye sanduku la bati na kumrudishia mtu amana yake. Mteja anatia saini kwenye daftari kubwa la jalada jekundu. Mashine haikuambiwa kitu.

Mwisho wa mwezi Mama Shela alisoma jumla kwenye mashine, akaijaza kwenye fomu ya mauzo, akaipeleka ofisi ya meneja wa jengo. Wifi aliwahi kumuuliza, tena mara moja tu: "Wifi, hiyo hesabu unayopeleka juu, amana nazo zimo?"

"Zimo. Wao wanataka namba, hawataki maelezo."

Na kweli, kwa miaka mitatu haikumuumiza mtu. Mkataba wa duka ulikuwa hivi: kodi ya msingi milioni mbili kwa mwezi, yaani milioni ishirini na nne kwa mwaka. Juu ya hiyo kulikuwa na kodi ya asilimia. Mauzo ya mwaka yakivuka kizingiti fulani, kila kilichozidi unakitolea asilimia nane. Kizingiti kilikuwa milioni mia tatu. Mama Shela aliandika mia mbili themanini na tano, mia mbili tisini, hakuwahi kuvuka, akawa analipa kodi ya msingi tu. Ila namba zilikuwa nene, meneja akafurahi, cheti kikaja, na Mama Shela akakipima kwa rula.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Magauni yalichoka, watoto wa kaka wakaingia sekondari wote kwa mpigo, mmoja nyuma ya mwenzake kama treni, na kodi ikawa inamnyima usingizi. Mama Shela akapanda juu kuomba apunguziwe. Meneja, mtu mpole wa miwani na sauti ya chini, akamsikiliza, akaandika barua: kwa mwaka mmoja kodi ya msingi ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi, masharti mengine yote yanabaki kama yalivyo.

"Lakini Mama," alisema akimpa kalamu, "unaelewa kwamba kodi ya msingi ikishuka, kizingiti nacho kinashuka?"

"Naelewa, mwanangu. Mkataba nimeusoma."

Alikuwa hajausoma. Nani anausoma? Kurasa arobaini na mbili! Lakini mwenye cheti ukutani atasemaje kwamba haelewi? Akatia saini, akashuka ngazi anaimba. Laki nane kila mwezi zilizookolewa akazilipia karo, zilizobaki akanunua magauni mapya manne.

Mwaka ukaisha. Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, bahasha ikapitishwa chini ya mlango. Mama Shela akaifungua akiwa amesimama, akaisoma, akakaa juu ya kiti kilichokuwa na gauni.

"Shanga hizo!" wifi akapiga kelele. Kisha akaiona sura yake. "Wifi, kuna nini?"

"Milioni nane."

"Za nini?"

"Kodi ya asilimia. Ndani ya siku thelathini. La sivyo wanafunga." Milioni nane hawakuwa nazo. Sanduku la bati lilikuwa na milioni moja na laki nne, na nane kati ya hizo laki kumi na nne zilikuwa amana za watu.

Wifi akachukua karatasi, akaisoma polepole, kidole chini ya mstari. "Hapa wameandika mauzo milioni mia mbili themanini. Wifi, sisi hatujawahi kuuza hivyo hata kwenye ndoto."

"Acha maneno, kaa na wateja. Napanda kuongea nao."

"Subiri kwanza, nataka kukuonyesha..."

"Nimesema kaa na wateja!" Akatoka na viatu vya ndani. Hakusubiri. Laiti angesubiri, jamani, dakika tano tu.

Ofisi ya meneja ilikuwa juu kabisa, karibu na jenereta, na dirisha lilitetemeka muda wote. Ukutani kulikuwa na ubao wa funguo, kila duka na namba yake. Meneja akamkaribisha maji. Mama Shela hakuyaona.

"Mwanangu, mmenipunguzia kodi kwa mkono wa kulia, mkaichukua kwa wa kushoto. Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Meneja akavuta karatasi nyeupe. Hakuwa na kejeli, na hilo lilimuumiza Mama Shela zaidi. "Kizingiti chako hakikuandikwa kwa namba, Mama. Kimeandikwa kwa hesabu. Tunachukua kodi ya msingi ya mwaka, tunaigawa kwa asilimia nane. Zamani ilikuwa milioni ishirini na nne, ukigawa unapata mia tatu. Sasa kodi ya mwaka ni milioni kumi na nne na laki nne. Ukigawa kwa asilimia nane?" Akaigeuza mashine ya hesabu upande wake. Mia moja na themanini. "Ulishusha kodi, kizingiti kikashuka nayo. Umeniletea mauzo ya mia mbili themanini. Umezidi kwa milioni mia moja. Asilimia nane ya mia moja ni nane."

Mama Shela akaitazama ile mia moja na themanini mpaka tarakimu zikaanza kucheza. Alikuwa ameokoa milioni tisa na laki sita kwa mwaka, na leo nane zinarudi. Amepiga magoti, ameomba, ameimba kwenye ngazi, kwa ajili ya milioni moja na laki sita. Na zenyewe zimeshaliwa.

"Mauzo ni nini hasa?" akauliza. "Kwenye mkataba. Wanahesabu nini?"

"Kila kinachopokelewa dukani kwa bidhaa au huduma, ukiondoa kodi ya serikali, na ukiondoa kilichorudishwa." Meneja akafunua kurasa. "Hapa. Hata amana inayorudishwa kwa mteja si mauzo, mradi kuna maandishi ya kuirudisha. Kwa nini? Kuna kitu?"

Amana! Magauni mia tano na hamsini kwa mwaka, laki mbili kila moja, zimeingia na zimetoka, na kila moja ina saini kwenye daftari jekundu. Milioni mia moja na kumi ambazo hazikuwahi kuwa zake. Toa hizo, inabaki mia moja na sabini. Iko chini ya mia moja na themanini. Hadaiwi kitu! Hadaiwi hata senti! Mdomo ulikuwa umeshafunguka aseme, ndipo meneja, kwa kutaka tu kumliwaza, akamwahi.

"Mama, usione umeonewa. Heri wewe unayedaiwa kwa kuuza sana. Hebu ona wenzako." Akagusa rundo la bahasha za kaki pembeni ya meza. "Hawa mauzo yao hayakufika milioni mia mbili. Kila mkataba wa ghorofa yako una kiwango hicho cha chini. Mtu asipokifikisha kwa mwaka, wenye jengo wana haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku tisini. Na wanaitumia. Hiyo kona yako, kuna duka la simu linaililia kila wiki."

"Na... na vitu vya ndani?"

"Vilivyofungwa ukutani vinabaki na jengo."

Mama Shela akafunga mdomo. Makabati, vioo, taa. Bahasha ya kaka yake yote ilikuwa imepigwa misumari kwenye ukuta wa watu. Akisema kweli, hadaiwi, na anafukuzwa. Akinyamaza, anabaki, na analipia kodi hela alizowarudishia maharusi kwa mkono wa wifi yake. Alitafuta njia ya tatu, akatafuta mpaka kichwa kikamgonga. Haikuwapo. Angekuwa peke yake angelala sakafuni alie.

"Naomba nilipe kidogo kidogo," akasema.

Meneja akakubali haraka, kama mtu aliyeogopa kwamba atalia. Miezi kumi, laki nane kila mwezi. Juu ya kodi ya msingi, ambayo kuanzia mwezi huo ilikuwa inarudi milioni mbili. Milioni mbili na laki nane! Akaanza kuandika makubaliano, na Mama Shela akashika kalamu. Ndipo mlango ukagongwa, ukafunguka papo hapo bila kusubiri jibu.

Alikuwa wifi. Kitambaa cha kichwa kimeenda upande, pini bado zimechomekwa kifuani, daftari jekundu amelikumbatia kama mtoto aliyeokotwa barabarani. Alikuwa amepanda ngazi za miguu, ngazi za umeme aliziona zinakwenda polepole.

"Wifi, usisaini!" Alikuwa anahema na anacheka. "Shikamoo, mzee. Samahani kuingia hivi. Wifi, nimejumlisha! Nimefunga duka nikajumlisha mwaka mzima. Tumewarudishia watu milioni mia moja na kumi! Hayo si mauzo hata kidogo, ni hela za watu. Hatudaiwi, wifi yangu! Hatudaiwi!" Akalilaza daftari mezani, akalifungua, akalisukuma mbele ya meneja. Saini moja chini ya nyingine, kila gauni na namba yake, kila doa limeandikwa.

Mama Shela alimkonyeza, hakuona. Alimkanyaga mguu chini ya meza, akasema, "Samahani, wifi," akausogeza mguu wake. Meneja alikuwa ameshavaa vizuri miwani, kidole kiko kwenye ukurasa wa kwanza.

"Hizi ni amana?" akauliza.

"Ni..." wifi akaanza.

"Si kitu," Mama Shela akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Si kitu hicho. Daftari la mazoezi tu." Alisikia sauti yake mwenyewe, ikawa kama ya mtu wa duka la pili. "Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Nimemweka dukani kwa huruma. Hesabu hajui, hata darasani alikuwa hazijui, anaandika andika ili aonekane ana kazi. Mia moja na kumi gani? Anajumlisha jambo moja mara tatu. Mashine ndiyo inajua. Mauzo ni yale niliyoleta mimi."

Jenereta lilikuwa linanguruma, kioo cha dirisha kinaitikia. Wifi alikuwa bado amenyoosha mkono kwenye daftari, na tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni, halijajua kwamba limefukuzwa. Kisha likaondoka. Mama Shela alilishuhudia likiondoka, na alitamani ardhi impokee.

"Una uhakika, Mama?" meneja akauliza polepole. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijui alielewa au hakuelewa. Mimi nadhani alielewa. "Maana mkataba unaturuhusu kutuma mkaguzi. Anaweza kuangalia vitabu vyote vya duka, miaka mitatu nyuma. Vyote vilivyoandikwa."

"Nina uhakika."

Wifi akalifunga daftari. Akalifuta jalada kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Kweli, mzee," akasema. "Hesabu siijui." Akatoka, akaufunga mlango taratibu asije akaupiga.

Mama Shela akasaini kurasa tatu.

Alimkuta kwenye korido ya ghorofa ya pili, amesimama mbele ya duka la masufuria, haangalii masufuria. Akamweleza yote kwa mpigo, anameza maneno: mia mbili, siku tisini, duka la simu, makabati, vioo, bahasha. "Ningesema kweli tungetupwa nje, wifi. Hela za watoto zimo kwenye ule ukuta. Ningefanyaje? Niambie wewe, ningefanyaje?"

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia kwamba nisije," alisema. "Au ungeniambia mkataba una mambo hayo, miaka minne iliyopita, nilipokuuliza amana zimo."

"Sikuujua mkataba."

"Hata mimi uliniambia umeusoma."

"Nilisema."

"Mimi nilipika, nikafua, nikalea, jioni nikakaa na lile daftari nilipange vizuri, ili siku moja mtu akiuliza, lijibu. Leo mtu ameuliza." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. Afadhali angemtukana, angemvua kitambaa mbele za watu, mawifi wanagombana na maisha yanaendelea. Lakini alisema tu, "Twende, tumeacha duka limefungwa," akatangulia.

Mlangoni walimkuta binti amekuja kurudisha gauni, amelibeba mabegani kwa uangalifu, bado ana hina mikononi na uchovu machoni, mwenye furaha yake. Aliwasalimia wote wawili shikamoo. Wifi akafungua, akalipokea gauni, akalitandaza. Aligeuza, alinusa makwapa, alihesabu shanga, alivuta zipu mara mbili. Kila kitu kama siku zote, isipokuwa hakutania. Akafungua sanduku la bati, akahesabu laki mbili, akamwekea binti mkononi. Kisha akaliweka daftari jekundu juu ya kaunta, akafungua ukurasa wa mwaka mpya, akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu watoke juu akamtazama Mama Shela usoni.

"Niandike," akauliza, "au nisiandike?"

Binti alikuwa amesimama akisubiri kutia saini, anawatazama kwa zamu. Nyuma yao cheti kiliwaka chini ya taa zake. Mama Shela alimfikiria mkaguzi, akawafikiria watoto watatu, akamfikiria kaka yake, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia.

"Usiandike," alisema.

Wifi akaitikia kwa kichwa. Akaweka kalamu chini, akalifunga daftari na kumpa binti. "Litupe huko njiani, mwanangu," alisema, "kwenye pipa lile la karibu na ngazi. Sisi hatuna kazi nalo tena."